Mkono wa kuume kwenye njia panda yetu

Wiki hii tunawaletea habari ya njia panda, na tunaanza kwa kuungama. Siku ile ya ajali, sisi ambao kazi yetu ni ualimu tulikuwa wa kwanza kupaza sauti, na tulimpazia mtu asiyestahili.

Ilikuwa saa moja ya asubuhi hapa Butembo, mtoto na mama wakienda kwenye masomo. Karitie yetu ina barabara mbili za udongo zinazokatana. Moja inatoka chini bondeni na kupanda kuelekea soko. Ya pili inapita kati ya nyumba, inatokea upande wa kuume wa yule anayepanda, na inateremka kidogo inapofika pale. Upana ni sawasawa. Hakuna kibao, hakuna polisi, hakuna alama yoyote. Kwenye pembe ya kuume kuna butiki ya mbao na ua wa miti, kwa hiyo anayepanda hawezi kuona anayekuja mpaka awe karibu kabisa.

Mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa amepanda moto pamoja na binti yake wa miaka minane. Mtoto alikaa katikati, nyuma ya motari, mama nyuma yake. Motari wao alikuwa anapanda. Alipofika kwenye njia panda alipiga honi mara mbili akaendelea. Kutoka kuume ikaja moto nyingine imebeba gunia mbili za makala, ikateremka kwa kasi. Gurudumu la mbele la moto ya makala likagonga ubavu wa moto ya kwanza. Wote wanne wakaanguka. Motari wote wawili walichubuka, mama akaumia kiwiko, na mtoto akavunjika mguu wa kuume chini ya goti.

Tuliokuwa karibu tulikimbia. Mtoto alipopelekwa hospitali, tulibaki na yule motari wa makala katikati yetu, na maneno yetu yalikuwa makali. Tulisema: "Wewe umemgonga mwenzako. Yeye alikuwa ameisha kuingia. Yeye alipiga honi. Yeye ana mtoto, wewe una makala. Yeye yuko kwenye barabara inayoenda soko, wewe unatoka kwenye vichochoro." Yule kijana aliitika kwa neno moja tu, akalirudia mara tatu: "Lakini mimi nilikuwa kuume." Sisi tulidhani anatafuta mlango wa kukimbilia.

Jioni mkubwa wa avenyu aliita pande zote mbili, kwa sababu gharama za mguu zilikuwa zimeanza kuhesabiwa na kila motari alisema ni mwenzake atakayelipa. Alikuja pia mzee mmoja aliyeendesha lori kwa miaka mingi kwenye barabara ya Beni na Kasindi, na alikuja na kijitabu chake cha zamani cha Kode ya Barabara. Hakutuhubiri. Alichora njia panda kwa fimbo kwenye vumbi, akaweka mawe mawili, akauliza: "Mnaniambia nani kati ya hawa wawili alikuwa na mwenzake kwenye mkono wake wa kuume?"

Tukaangalia mawe. Aliyekuwa anapanda, yule aliyembeba mtoto wetu, alikuwa na moto ya makala upande wake wa kuume. Yule wa makala alikuwa na moto yetu upande wa kushoto. Basi mzee akasema kwamba aliyepaswa kusimama ni yule aliyetubebea mtoto.

Tulinyamaza, wamama. Mama wa mtoto alilia, na siyo kwa sababu ya kiwiko.

Tangu siku ile tumejifunza sheria hii vizuri, na tunataka ninyi pia muijue, kwa sababu karibu kila siku tunakalia moto au tunavuka njia panda na watoto.

Sheria yetu ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ile inayoitwa Kode ya Barabara. Katika jambo hili inafuata mwendo ule ule wa mapatano ya mataifa yaliyofanywa Viyena mwaka 1968. Katika nchi ambamo watu wanaendesha upande wa kuume, kama yetu, anayefika kwenye njia panda isiyo na alama anamwachia njia yule anayekuja kutoka kuume kwake. Ndiyo yote. Sheria haiulizi nani ana gari kubwa. Haiulizi nani amebeba watu na nani amebeba makala. Haiulizi nani anapanda na nani anateremka, wala nani alipiga honi. Honi ni ya kumwonya mtu juu ya hatari, hainunui njia.

Kwa nini kuume? Mzee alieleza hivi, na tunaona ni maelezo mazuri. Kama barabara mbili ni sawa na hakuna anayesimama kuamua, lazima iwepo kanuni moja ambayo kila mtu anaweza kuitumia akiwa peke yake, bila kuzungumza na mwenzake. Watu wawili wanapokutana kwenye pembe, mmoja ana mwenzake kuume, na yule mwingine ana mwenzake kushoto. Hawawezi wote wawili kuwa na mwenzao kuume. Kwa hiyo kanuni inamchagua mmoja tu, kila mara, na wote wawili wanajua ni nani. Kanuni ya "mkubwa apite" au "aliyefika kwanza apite" haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu kila mmoja anajiona mkubwa, na kila mmoja anaapa kwamba yeye ndiye alifika kwanza.

Hapo tulimwuliza mzee swali lililokuwa moyoni mwetu: "Lakini motari wetu alikuwa ameisha kuingia katikati. Je, haki haimwendei aliyeingia?" Mzee akatikisa kichwa. Akasema kwamba kuingia mbele ya mtu unayepaswa kumwachia njia ndilo kosa lenyewe, na kosa haligeuki kuwa haki kwa sababu limefanywa haraka. Kama mtu wa kuume yuko mbali kabisa, na unaweza kupita bila yeye kugusa freni wala kupinda, basi pita. Lakini kama akibaki kwenye mwendo wake mtagongana, hujamwachia njia.

Kisha akatuonyesha jinsi ya kusoma ajali, na jambo hili tunaomba mlishike, kwa sababu linasaidia wakati ambapo kila mtu anasema uongo au amesahau. Tazama wapi kila chombo kimeumia. Moto ya makala iliumia mbele: gurudumu na taa. Moto yetu iliumia ubavuni, upande wa kuume: bomba la moshi liligandamizwa na kikanyagio cha abiria kilipinda. Na mtoto alivunjika mguu wa kuume. Chombo kilichogongwa ubavu wa kuume, kwenye njia panda ambapo kila mtu alikuwa anaenda moja kwa moja, kiligongwa na kitu kilichokuja kutoka kuume kwake. Mguu wa mtoto wetu ulikuwa shahidi, na ulishuhudia dhidi ya motari tuliyemtetea.

Lakini mzee hakumwacha yule wa makala aende hivi hivi. Alimgeukia akamwuliza: "Na wewe, kwa nini hukuweza kusimama?" Kijana akasema njia ilikuwa yake. Mzee akajibu kwamba sheria inampa njia, haimpi ukuta. Kila dereva anayekaribia njia panda, hata mwenye haki, lazima apunguze mwendo kiasi cha kuweza kusimama.

Hapa tulifanya hesabu pamoja, kama darasani. Mtu akiendesha moto kwa kilomita 30 kwa saa, anapita zaidi ya mita 8 kila sekunde. Akiona hatari, sekunde moja hivi inapita kabla mkono na mguu havijashika freni. Kisha moto inahitaji mita nyingine kama hizo kabla haijasimama kwenye udongo mkavu. Jumla ni karibu mita 17, na kwenye matope au na mzigo mzito ni zaidi. Kwenye pembe yetu, kwa sababu ya butiki na ua, wanaonana wakiwa wamebakiza kama mita 5 tu. Ili kusimama ndani ya mita 5, mwendo haupaswi kupita kilomita 12 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Wote wawili walipita hapo. Kwa hiyo yule anayepanda alikosa kwa kutoachia njia, na yule anayeteremka alikosa kwa mwendo.

Wakapatana hivi: motari aliyembeba mtoto alibeba sehemu kubwa ya gharama za mguu, yule wa makala sehemu ndogo, kila mtu akajitengenezea moto yake. Huo ulikuwa mpatano wa karitie, siyo hukumu. Mama na mtoto hawakudaiwa kitu, kwa sababu abiria haendeshi. Mzee alitukumbusha kwamba mtu akiumia mwili ni vizuri polisi wa barabara waitwe waandike hati papo hapo, kabla vyombo havijasogezwa. Bila hati, asiransi haina cha kusoma, na kesho yake kila mtu anasimulia njia panda tofauti.

Sasa tuseme pale ambapo kanuni ya kuume inakoma, kwa sababu watu wengine wakiisikia wanaipeleka mahali pasipo pake.

Kwanza, inakoma palipo na alama au mtu wa kuongoza. Kibao chekundu chenye pembe nane kinachosema STOP kinakusimamisha, hata kama mwenzako anatoka kushoto. Pembetatu yenye ncha chini inakuambia uachie pande zote mbili. Na polisi akiwa katikati, mkono wake unapita vibao vyote.

Pili, inakoma barabara zisipokuwa sawa. Anayetoka kwenye kijia au barabara ya udongo akaingia kwenye barabara ya gudroni anaachia wote, wa kuume na wa kushoto. Vilevile anayetoka kwenye lango la nyumba, kwenye kiwanja cha kanisa au kwenye garaji. Hili ni kubwa kwetu. Hapa Butembo, na kule Beni kwenye bulvari Nyamwisi, vichochoro vingi vya udongo vinamwagikia kwenye gudroni. Kijana anayetokea kichochoroni hawezi kusema "nilikuwa kuume kwako". Kanuni ya kuume ni ya gudroni na gudroni, au udongo na udongo, kama ilivyokuwa kwetu.

Tatu, ambulansi yenye king'ora na taa inapita, itoke upande wowote. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, sisi watu wa Beni na Butembo tulizoea sana sauti ile. Lakini gari kubwa isiyo na king'ora, iwe ya nani, haina haki zaidi ya moto.

Nne, kanuni haisemi kitu juu ya mtu anayekuja uso kwa uso nawe, kwa maana huyo hayuko kuume wala kushoto. Kama wote mnaenda moja kwa moja, mnapishana tu. Lakini mmoja akitaka kukata kushoto, anasubiri yule wa mbele apite. Ukichora kwa fimbo utaona sababu: ukianza kupinda kushoto, yule wa mbele anakuwa kuume kwako.

Tulimwuliza mzee pia: "Na wakifika watatu?" Akaongeza jiwe la tatu. Akasema mtafuteni asiye na mtu kuume, huyo anapita kwanza. Akiisha kupita, mmoja kati ya wale wawili waliobaki hana tena mtu kuume, naye anapita. Halafu wa mwisho. "Na wanne, mmoja kila upande?" Hapo mzee alicheka. Kila mmoja ana mtu kuume, kwa hiyo kila mmoja lazima asubiri, na sheria inawaacha wote wamesimama. Hapo kinachobaki ni adabu: mmoja anatoa ishara ya mkono, anamwachia mwenzake aliye kushoto, na mnyororo unafunguka. Tulipenda kwamba hata sheria ina mahali ambapo inahitaji mtu wa kusema "pita wewe, ndugu".

Na chukudu? Chukudu iliyojaa viazi au mbao ikiteremka, kijana wake anafunga gurudumu kwa kukanyaga mpira kwa mguu, na uzito unamsukuma. Hata kama yeye yuko kushoto na wewe una haki, mwache apite. Haki yako haitamsimamisha.

Jambo la mwisho ni la watoto wetu, na hapa tulijikuta sisi walimu tumekosa tena. Tulipofundisha watoto kuvuka, tulisema tu "tazama pande zote mbili". Mtoto mmoja akatuuliza: "Mwalimu, upande gani kwanza?" Kumbe jibu lipo. Katika Kongo magari yanaenda upande wa kuume, kwa hiyo mtoto anayesimama kando ya barabara atafikiwa kwanza na kinachotoka kushoto kwake. Atazame kushoto, kisha kuume, kisha kushoto tena, ndipo avuke. Kanuni ya kuume ni ya wanaoendesha, siyo ya wanaotembea kwa miguu. Mtoto asiitumie kuvuka.

Wale kati yenu mnaofuata biashara Kasindi, mkivuka mto Lubiriha kuingia Mpondwe, geuzeni kichwa. Uganda wanaendesha upande wa kushoto. Gari ya kwanza kukufikia pale inatoka kuume. Mama aliyezoea Butembo akitazama kushoto tu na kuweka mguu barabarani, anatazama mahali ambapo hatari bado iko mbali.

Mtoto wetu alikaa na plasta wiki nyingi. Siku aliporudi darasani akitembea, tulitoka na darasa lote mpaka kwenye njia panda ile, tukasimama pembeni, mbali na barabara. Tulichora mistari miwili inayokatana kwenye udongo, tukawapa watoto mawe. Kila mmoja aliweka jiwe lake na kuonyesha mkono wake wa kuume. Wengine walikosea kwa sababu walionyesha kuume kwao wenyewe, siyo kuume kwa jiwe. Huko ndiko kukosea kwa wakubwa pia: kuume ni kwa yule anayeendesha, akitazama mbele anakoenda, siyo kwa wewe unayetazama kutoka barazani. Tukawaambia watoto wasimame nyuma ya jiwe, watazame linakokwenda, na makosa yakaisha.

Mwenye butiki alituona, akauliza tunafanya nini. Tulimweleza. Wiki iliyofuata alikata ule ua wa miti mpaka kimo cha kiuno, na sasa wanaopanda wanawaona wanaoteremka wakiwa bado na mita nyingi mbele yao. Ni kazi ya panga moja na nusu saa. Mkiwa na pembe kama hiyo kwenye karitie yenu, anzeni hapo.

Na yule kijana wa makala, tulimwendea tukamwomba msamaha. Alisema imekwisha. Sasa sisi tunapokalia moto, tukikaribia njia panda ya udongo, tunamgusa motari begani na kumwambia: "Baba, kuume." Wengine wanakasirika. Wengi wanapunguza mwendo.